Jinsi ya kukadiria dozi ya mionzi ya anga: mfano wa safari ya Nairobi–London

Mwongozo huu ni wa rubani, mhudumu wa ndege, au abiria anayepanda ndege kila mwezi na anataka tarakimu badala ya uvumi. Tutaichukua safari moja, Nairobi hadi London, tuikokotoe kwa mkono, kisha tuipitishe kwenye programu. Kipimo chetu ni maikrosiveti (µSv). 1,000 kati yake ni milisiveti 1 (mSv).

Hatua ya 1: Anza na dozi ya ardhini

Bila namba ya ardhini, namba ya angani haina maana. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata takribani mSv 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili yote. Karibu nusu yake ni radoni, ile gesi inayotoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba. Inayobaki inatoka kwenye udongo na mawe, kwenye chakula, na angani.

Sehemu ya angani peke yake hutegemea mahali unapoishi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, UNSCEAR, iliwahi kuitaja Nairobi katika jedwali lake la miji ya nyanda za juu: karibu mSv 0.58 kwa mwaka, dhidi ya takribani 0.27 usawa wa bahari. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi hupata mionzi ya anga mara mbili ya mkazi wa Mombasa bila kupanda ndege hata siku moja. La Paz ya Bolivia, kwenye mita 3,900, inafika mSv 2 hivi.

Zigeuze namba hizo ziwe za saa: Mombasa ni kama µSv 0.03 kwa saa, Nairobi kama 0.066. Ziandike pembeni, tutazirudia.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini kimo kinaamua

Mionzi hii huja kama chembe za kasi kubwa mno, nyingi zikiwa protoni, kutoka nje ya mfumo wetu wa jua. Zikigonga hewa ya juu huzaa mvua ya chembe nyingine: nyutroni, muoni, elektroni. Kinga yetu ni uzito wa hewa iliyo juu ya kichwa. Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba imebeba takribani kilo moja ya hewa. Kwenye futi 37,000 imebaki kama gramu 220, yaani sehemu moja kwa tano. Ukuta wenyewe wa ndege hausaidii sana; ni bati jembamba mbele ya chembe zilizokwisha kupenya kilomita nyingi za hewa.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani dozi inapanda kwa mstari ulionyooka. Haipandi hivyo. Huanza polepole karibu na ardhi, kisha hukimbia, halafu hufika kileleni juu zaidi ya zinakoruka ndege za abiria. Ndiyo maana ndege ya mapanga kati ya Nairobi na Mombasa, inayokaa futi 20,000 hivi kwa dakika chache, haifiki hata karibu na namba za jeti ya masafa marefu.

Hatua ya 3: Gawa njia kwa latitudo

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuzidisha saa zote kwa namba moja. Uga wa sumaku ya dunia hupinda njia za chembe zenye chaji. Karibu na ikweta hukataa zote isipokuwa zile zenye nguvu kubwa sana. Kuelekea ncha za dunia mlango hufunguka. Kwa kimo kilekile, saa moja juu ya Ulaya ya kaskazini inaweza kuwa na dozi mara mbili ya saa moja juu ya Kenya.

Kwa ndege iliyo kati ya futi 36,000 na 38,000, jua likiwa na shughuli za wastani, makadirio ya mkono yanakwenda hivi. Saa 3 za kwanza, juu ya Kenya hadi Sudan, hesabu µSv 2 kwa saa: jumla 6. Saa 2 za Misri na Mediterania, hesabu 2.5 kwa saa: jumla 5. Saa 2 na nusu za Ulaya, hesabu 4 kwa saa: jumla 10. Kupaa na kushuka, kama saa moja kwa pamoja, ongeza 1. Jumla ni takribani µSv 22.

Hatua ya 4: Hakiki kwa programu

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ina programu ya bure iitwayo CARI-7. Data unazoiandalia ni hizi:

```
Date:        06/2017
Origin:      HKJK
Destination: EGLL
Climb:       25 min
36000 ft:    240 min
38000 ft:    210 min
Descent:     30 min
```

Mambo matatu huharibu jibu. Kwanza, kuandika 360 badala ya 36000: marubani husema "level tatu sita sifuri", lakini programu inataka futi kamili. Ukipata jibu linalokaribia sifuri, angalia hapo. Pili, kutumia muda wa tiketi, ambao una dakika za kukokota ndege uwanjani. Tumia muda wa hewani tu. Tatu, kubuni tarehe. Jua likichangamka, uga wake husukuma mionzi ya galaksi mbali nasi, kwa hiyo miaka ya jua tulivu, kama 2019, ndiyo yenye dozi kubwa. Wengi hudhani kinyume chake. Tofauti hiyo huonekana zaidi upande wa London kuliko upande wa ikweta.

Hatua ya 5: Linganisha na ujumlishe

µSv 22 ni sawa na siku 14 za mionzi ya anga ya Nairobi, au kama siku tatu na theluthi za mionzi ya asili yote kwa wastani wa dunia. Abiria anayekwenda na kurudi London kila mwezi hujiongezea karibu mSv 0.53 kwa mwaka. Hiyo bado haifikii dozi ya mionzi ya anga anayoipata mkazi wa Nairobi akiwa nyumbani.

Mhudumu anayefanya safari tatu za kwenda na kurudi kila mwezi, kwa miezi 11, hufika mSv 1.45. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka mwajiri akadirie dozi ya mfanyakazi anayeweza kuvuka mSv 1 kwa mwaka. Kikomo cha kazi ni 20. Kwa mjamzito, mtoto aliye tumboni asizidishiwe mSv 1 kwa muda uliobaki baada ya mama kutoa taarifa. Hizo ni kama safari 45 za upande mmoja za njia hii, na chache zaidi kwa njia zinazokaa muda mrefu juu ya Atlantiki ya kaskazini.

Ukibeba kipimo cha Gaiga

Kipimo kidogo cha Gaiga cha mfukoni kitapanda wazi wazi ndege ikipaa, na hilo linafurahisha kutazama. Lakini karibu hakizioni nyutroni, ambazo zina sehemu kubwa ya dozi angani, hasa kaskazini. Kikikuonyesha nusu ya ulichokokotoa, hesabu yako haijakosea. Kitumie kuona umbo la safari, yaani kinavyopanda mkiacha Mediterania nyuma. Jumla ichukue kwenye programu.