Kisiwa kwenye chati: subiri pengo la pili ndipo uuze

Hapa Lubumbashi wengi tunaofuatilia hisa huanza na kampuni za shaba: Ivanhoe ya soko la Toronto, yenye mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, au Freeport (FCX) ya New York, iliyouza sehemu yake ya Tenke Fungurume mwaka 2016. Masoko hayo hufunguliwa 15:30 kwa saa zetu, na 16:30 kwao kukiwa baridi. Usiku yakiwa yamefungwa, bei ya shaba inaendelea kutembea kwingine, kwa hiyo hisa hizi hufungua zikiwa zimeruka na kuacha pengo. Mwongozo huu ni wa kisiwa cha juu, yaani siku chache za bei zilizotengwa na mapengo pande zote mbili, kile kinachomaliza upandaji.

Hatua ya 1: Pima pengo kwa ncha za mishumaa. Fungua chati ya siku. Pengo la kweli la kupanda lipo pale ambapo bei ya chini kabisa ya leo iko juu ya bei ya juu kabisa ya jana, utambi ukihesabiwa. Kwenye TradingView masharti ya pengo la kupanda na la kushuka huandikwa hivi:

```
low > high[1]
high < low[1]
```

Usilitafute umbo hili kwenye fedha za kigeni. Soko lile halilali kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na pengo lake huja hasa baada ya wikendi. Hisa zinazouzwa kwa nadra nazo ziache: mapengo yake yanatokana na kukosa wanunuzi tu.

Hatua ya 2: Lishuku pengo, lakini usiuze bado. Pengo la uchovu huja baada ya upandaji mrefu, mara nyingi likiwa la pili au la tatu. Siku hiyo hisa zinazobadilishana mikono huwa nyingi kupita kawaida, hata mara mbili au tatu ya wastani wa siku 20, na bado bei inafunga karibu na ilipofungulia. Maana yake waliochelewa wameingia wote kwa pamoja, na wenye hisa za zamani wanawauzia. Tatizo ni kwamba pengo la katikati ya safari linaweza kufanana nalo kabisa siku ya kwanza. Anayeuza hapo anabahatisha.

Hatua ya 3: Subiri kisiwa kikatwe. Tuchukue hisa ya mfano iliyopanda kutoka dola 30. Jana ilifika 41.20. Leo imefungua 42.60, na haikushuka chini ya 42.10. Kwa siku nne inazunguka kati ya 42.10 na 44.00. Siku ya tano inafungua 41.30, inajaribu kupanda, inaishia 41.60, kisha inafunga 40.90. Kati ya 41.60 na 42.10 hakuna aliyeuziana siku hiyo, na zile siku nne zimebaki peke yake juu, zimezungukwa na mapengo pande zote mbili.

Nguvu ya umbo hili iko hapo: kila aliyenunua ndani ya kisiwa na bado anashikilia ana hasara, wote kwa mara moja. Bei ikipanda kidogo, wanauza ili watoke.

Hatua ya 4: Ingia na uweke stopu. Mwenye hisa anauza ifikapo mwisho wa siku ya tano. Anayetaka faida ya kushuka anauza hisa za kukopa kwa dalali wake karibu na 40.90. Stopu, yaani bei ya kutokea ukiwa umekosea, ikae juu kidogo ya pengo, 42.35, maana bei ikifunga tena juu ya 42.10 kisiwa kimekufa. Hatari ni dola 1.45 kwa hisa. Mwenye mtaji wa dola 2,000 anayekubali kupoteza asilimia 1, yaani dola 20, anauza hisa 13. Akipendelea stopu juu ya kisiwa chote, 44.15, hatari inakuwa 3.25 na hisa zinabaki 6. Mimi nachagua ya kwanza.

Lakini stopu hailindi dhidi ya pengo jingine. Hisa ikifungua 43.00 kesho yake, utatoka hapo, na hasara ni dola 27.30. Kama ripoti ya mapato ya kampuni inatoka wiki hiyo, usiingie.

Hatua ya 5: Chukua faida kwa mafungu. Tazama nyuma bei iliposimama kabla ya mwendo wa mwisho. Tuseme ni 38.00: hapo una dola 2.90 kwa hisa, mara mbili ya hatari. Funga nusu, kisha shusha stopu ya hisa zilizobaki hadi 40.90.

Mwisho, angalia sababu ya pengo la kushuka. Mei 2025, mitetemeko ya ardhi iliposimamisha uchimbaji chini ya ardhi Kakula, hisa za Ivanhoe zilianguka kwa habari yenyewe. Pengo la namna hiyo lina hesabu yake. Pengo la siku ya gawio pia linadanganya, kwa sababu bei hupunguzwa kwa kiasi cha gawio. Washa marekebisho ya gawio kwenye chati, na kama pengo linatoweka, hapakuwa na kisiwa.