SOMO: Geti la tiketi linavyokagua QR bila intaneti, na kwa nini skrinshoti haiingizi watu wawili

Wakuu habari zenu. Wengi wanaamini mashine ya getini inaijua skrinshoti, sio kweli kabisa. QR ni maandishi tu yaliyochorwa kwa vidoti, ukiipiga picha, ukaiprinti, ukairusha WhatsApp, maandishi ni yale yale na mashine inayasoma vizuri tu. Kinachokataliwa ni namba kutumika mara ya pili. Nawaelekeza tunavyofunga mfumo kwenye ukumbi wa mageti mawili, simu mbili za kuskani na mtandao wa kusuasua.

Hatua ya 1: tengeneza tiketi. Ukiifungua QR ndani unakuta kitu kama hiki:

```
E1.A.004817.<sahihi>
```

E1 ni shoo yenyewe, A ni geti, 004817 ni namba ya tiketi. Sahihi ni kama muhuri wa kompyuta, inapigwa na ufunguo wa siri unaobaki kwenye seva ya mauzo, halafu simu za getini zinapewa ufunguo wa wazi ambao unaweza kukagua sahihi lakini hauwezi kuipiga. Kwa hiyo hata simu ya getini ikiibiwa mwizi hawezi kutengeneza tiketi, na mtu akibadili 004817 iwe 004818 sahihi inagoma hapo hapo, bila kuuliza intaneti.

Hatua ya 2: ndio roho ya mfumo. Sahihi inakuambia tiketi ni halali, haikuambii kama imeshatumika. Kopi nayo ina sahihi halali! Hivyo lazima pawe na daftari la walioingia, na mageti yote yasome daftari moja. Sisi daftari tunaliweka kwenye laptop, na ruta ndogo pale pale ukumbini, simu zinaunganishwa kwa waifai, intaneti haihitajiki.

Hatua ya 3: hapa vijana wengi wanakosea. Wanaandika programu iulize kwanza "ipo?", ikijibiwa haipo ndio iandike. Sasa kopi mbili zikiskaniwa A na B kwa wakati mmoja, zote zinajibiwa haipo na zote zinapita. Fanya kuuliza na kuandika kuwe tendo moja:

```
INSERT INTO walioingia(tiketi, geti, saa) VALUES('E1-004817', 'A', '19:42:07');
```

Safu ya `tiketi` iwe `PRIMARY KEY`, basi daftari lenyewe litagomea mstari wa pili. Ikikubali washa kijani, ikigoma kwa sababu ya kujirudia washa nyekundu na uonyeshe saa na geti: IMETUMIKA 19:42:07 GETI A. Usiache kuonyesha hiyo saa, ndiyo inayomaliza ubishi na mteja.

Hatua ya 4: jiandae ruta ikizima. Kuna siku mtu wa spika alichomoa waya wa ruta yetu achomeke mashine yake, kila simu ikabaki na daftari lake peke yake, na tulipokuja kuyaunganisha usiku tukakuta tiketi tatu zimeingia A na zimeingia B, watu wameshacheza na kuondoka. Ndiyo maana siku hizi herufi ya geti imo ndani ya tiketi: ya A ikienda B inarudishwa A, kwa hiyo hata mawasiliano yakikatika kila namba ina simu moja tu ya kuikagua. Ukiweka simu mbili kwenye geti moja ulinzi huo unakufa, kumbuka hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nilimtumia rafiki yangu skrinshoti akaniwahi getini, mimi mwenye hela nikaachwa nje. Haki iko wapi?

Pole sana ndugu. Mashine haijui nani kanunua, inajua namba tu, wa kwanza kufika ndio kaingia. Msimamizi anaweza kuangalia jina la mnunuzi, lakini kiti kimeshakaliwa. Usirushe QR yako, hata status usiiweke.

Tiketi yangu ilikuwa mpya kabisa ikaleta nyekundu, kwa nini?

Angalia ile saa. Kama ni sekunde hiyo hiyo na geti hilo hilo, kamera imekusoma mara mbili kabla hujaondoa simu. Dawa yake programu ipuuze tiketi ile ile kwa sekunde 3 hivi kwenye simu hiyo hiyo.

Na zile QR zinazobadilika badilika kwenye app?

Hizo ndizo zinazoua skrinshoti kweli. App na geti wana siri moja, wanaichanganya na saa, mara nyingi kila sekunde 30 inatoka namba mpya, bila intaneti pia. Picha ya dakika tano zilizopita inakuwa imekufa. Ila saa ya simu ikiwa nyuma dakika kadhaa, mwenye tiketi halali naye anakataliwa, kwa hiyo ikigoma mwambie kwanza aweke saa kwenye automatiki. Na daftari bado unalihitaji, maana ndani ya zile sekunde 30 kopi bado iko hai.