Akaunti ya X haileti wateja? Ipime kwanza, kisha ifunge vizuri

Wafuasi wengi bado si mauzo. Nikisimamia akaunti ya duka, huupa mtandao wiki 12 za kupimwa, ili mishahara ya wateja itoke mara kadhaa ndani ya kipindi hicho. Tuchukue mfano wa duka la vitenge lililoko X, Instagram na WhatsApp.

1. Jua oda imetoka wapi. Kila mtandao uwe na kiungo chake cha WhatsApp kwenye wasifu. Cha X kiwe hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimewaona%20X
```

Mteja akikibonyeza, ujumbe wake unaanza na "Nimewaona X". Wapo wanaoyafuta maneno hayo, kwa hiyo uliza pia: "Mara ya kwanza ulituona wapi?" Mtu anaweza kukuona X leo, akaagiza kupitia Instagram wiki ijayo.

2. Piga hesabu. Tuseme X inakula saa 4 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni saa 48. Ukithamini saa moja kwa shilingi 2,500, muda pekee ni 120,000. Ongeza bando la 3,000 kwa wiki, jumla 156,000. Oda zilizotoka X ni mbili, faida 15,000 kila moja. Hapo duka limepoteza 126,000. Ondoka.

3. Waage wateja. Maliza oda zenye malipo ya awali. Andika chapisho fupi lenye tarehe ya mwisho na namba ya WhatsApp, libandike juu ya wasifu, liache kwa wiki mbili hivi.

4. Chukua vilivyo vyako. Nenda `Settings and privacy`, `Your account`, `Download an archive of your data`. Faili haliji papo hapo. Subiri ulipakue na ulifungue kabla ya kuendelea.

5. Amua: kufuta au kuacha wazi? Hapa wengi hupita haraka mno. Baada ya siku 30 tangu uzime akaunti, jina lako halifungamani nayo tena, na mtu mwingine anaweza kulichukua. Kama wateja wako hutuma malipo ya awali kwa simu, tapeli mwenye jina la duka lako ataomba pesa na atapewa. Duka la namna hiyo mimi nalishauri lisifute: chapisho la kuaga libaki juu, nywila ibadilishwe, na mtu aingie angalau mara moja kila mwezi, kwa kuwa sera ya X inaruhusu kuondoa akaunti zilizotelekezwa.

6. Ukiamua kufuta, sitisha kwanza malipo ya Premium kama unayo, kisha ondoa programu zote zilizo chini ya `Connected apps`. Programu moja ikiingia kwa niaba yako ndani ya siku zile 30, akaunti inaweza kufufuka. Ndipo ubonyeze `Deactivate your account`, na jina la X ulifute kwenye kadi, mifuko na bango la duka.