Somo: Shavu la mguu linakaza ukitembea na kuachia ukisimama

Mfanyeni mzee wa miaka 62, mvutaji sigara wa siku nyingi, awe mfano wetu. Akitembea kama mita 150, shavu la mguu wa kulia linaanza kukaza. Akifika mita 220 hawezi tena, anasimama. Dakika tatu hivi, maumivu yamekwisha, wala hakuhitaji kuketi. Akiondoka, yanarudi baada ya umbali uleule.

Kurudi kwa umbali uleule ndiko kunakotuelekeza kwenye mishipa ya damu. Mguu ukitulia, msuli unatosheka na damu kidogo. Ukitembea unadai nyingi zaidi, na ateri ya paja iliyosongwa na mafuta yaliyogandamana ukutani haiwezi kuipitisha. Msuli unafanya kazi kwa upungufu wa oksijeni, unauma. Ukisimama, damu inautosha tena.

Zoezi la kutembea husaidia, nalo lina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kupima, kabla ya zoezi lolote. Mgonjwa analala chali, presha inachukuliwa mikononi na kwenye vifundo vya miguu, kwa kutumia dopla, kifaa kinachosikiliza mkondo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Presha ya kifundo inagawanywa kwa ile ya mkono iliyo juu zaidi. Mzee wetu alikuwa na 140 mkononi na 84 kwenye kifundo cha kulia: 84 gawanya kwa 140 ni 0.6. Jibu likiwa 0.9 au chini yake, ateri za mguu zimesongwa. Mwulize daktari pia kama moyo wako unaruhusu zoezi, kwa sababu anayesongwa mishipa ya miguu mara nyingi ana mishipa ya moyo iliyosongwa vilevile. Ndiyo maana huwa anaandikiwa dawa ya kushusha kolesteroli na ya kuzuia damu kuganda. Zoezi halichukui nafasi ya dawa hizo, wala ya kuacha sigara.

Hatua ya pili ni kutembea kwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasimama maumivu yanapochungulia tu. Yapange maumivu kwa alama: 1 yanaanza, 3 ni ya wastani, 4 ni makali, 5 hayavumiliki. Tembea kwa mwendo utakaoleta maumivu ndani ya dakika tatu hadi tano, endelea mpaka 3 au 4, kisha simama. Usianze tena mpaka yaishe kabisa. Ukiondoka yakiwa yamebaki kidogo, mzunguko unaofuata utakuwa mfupi na utakata tamaa bure.

Mzee alitembea dakika nne, akapumzika tatu, akaenda tena nne. Alirudia hivyo kwa nusu saa, mapumziko yakiwemo, mara tatu kwa wiki. Ongeza muda kidogo kidogo mpaka ufike dakika 45 au saa nzima. Siku ukiweza dakika nane hadi kumi kabla ya maumivu kufika alama ya 3 au 4, kaza mwendo au tafuta kamwinuko.

Hatua ya tatu ni kutoacha mapema. Upe mpango angalau wiki 12. Andika kila siku dakika ulizokwenda kabla maumivu hayajaanza, maana mabadiliko ni ya polepole na bila daftari hutayaona. Ateri haizibuki kwa zoezi. Msuli ndio unaojifunza kutumia vizuri zaidi damu inayoufikia.

Maswali ya wanachama

Mwanachama: Shikamoo daktari. Mimi nikisimama tu haiachi. Mpaka niketi au niiname mbele.

Jibu: Marahaba. Hiyo inanifanya nifikirie uti wa mgongo, mahali neva zinapobanwa. Wa mishipa hupata nafuu akisimama wima tu. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia.

Mwanachama: Nina kisukari, kipimo kimetoka 1.45. Basi mishipa yangu ni mizima?

Jibu: Hapana, usiichukulie hivyo. Kisukari huweza kuzifanya ateri za kifundo kuwa ngumu kwa chokaa, mpira wa kipimo ukashindwa kuzibana, namba ikapanda kwa uongo. Omba upimwe presha ya kidole gumba cha mguu. Na kagua nyayo kila unapomaliza kutembea, kwani ganzi inaweza kukuficha lengelenge.

Mwanachama: Mama yangu usiku anaamka kwa maumivu ya vidole vya mguu, anauning'iniza mguu nje ya kitanda ndipo anapata usingizi. Aanze na dakika ngapi?

Jibu: Asianze, ndugu yangu. Mguu unaouma ukiwa umetulia unakosa damu hata ya kujikimu, na anauning'iniza ili damu iteremke. Mpeleke hospitali haraka, akaonwe na daktari wa mishipa ya damu. Angalia leo kama kuna kidonda au weusi kati ya vidole. Mguu ukipauka na kuwa baridi ghafla, msingoje kuche.