Somo: Ampea za mota ya mkondo mnyoofu ikiwa imesimama na ikiwa mbioni, na jinsi ya kupiga hesabu ya kikinza cha kuanzishia

Nililetewa karakana kwangu Kariobangi mota ya mashine ya kukereza, ya zamani, ya volti 220 za mkondo mnyoofu. Mwenyewe akaniambia, "Fundi, imekula fyuzi tatu, na kila nikiweka kubwa zaidi inapiga cheche." Nikafungua kifuniko cha upande wa komyuteta. Vipande vya shaba vilikuwa na ile rangi ya kahawia tunayoipenda, isipokuwa vichache vilivyoungua vikawa vyeusi, upande huu na upande wa pili, pale pale kaboni zinapokaa. Ukiona weusi wa namna hiyo mahali pamoja tu, mota ilipewa umeme wote kabla haijasogea. Nikamuuliza kisanduku cha kuanzishia kiko wapi, kile chenye kikinza na mkono wa kukipunguza kituo kwa kituo. Alikuwa amekitoa kwa sababu kinajaza nafasi.

Basi tuifanyie kazi mota hiyo hiyo. Kibao chake kinasema volti 220, ampea 20, mizunguko 1500 kwa dakika. Koili za sumaku zimeungwa sambamba na amecha, ile sehemu ya waya inayozunguka.

Hatua ya 1: Pima ukinzani wa amecha. Usitegemee mita ya kawaida hapa, kwa kuwa mguso wa kaboni utakudanganya. Chukua betri ya gari ya volti 12, pitisha umeme wake kwenye balbu ya taa ya mbele ya gari, kisha kwenye kaboni za mota. Koili za sumaku ziwe zimefunguliwa na amecha isizunguke. Soma ampea. Halafu gusa kwa ncha za mita vipande vya shaba vilivyo chini ya kaboni, si kaboni zenyewe, usome volti. Mimi nilipata ampea 4 na volti 2, yaani ukinzani wa omu 0.5.

Hatua ya 2: Hesabu ampea za kuanzia. Kanuni ni moja tu, na itatufikisha mwisho wa somo:

```
I = (V - E) / R
```

V ni volti unazoleta, R ni ukinzani wa njia ya amecha, na E ni volti pinzani. Hizo volti pinzani amecha huzitengeneza yenyewe kwa sababu waya zake zinakata uga wa sumaku zikizunguka, kama jenereta, ila zinasukuma kinyume na umeme unaoingia. Mota ikisimama hakuna kinachokatwa, kwa hiyo E ni sifuri. Gawanya 220 kwa 0.5: ampea 440, kwenye mota ya ampea 20! Waya za ukutani zitapunguza kidogo, lakini si kiasi cha kuokoa kaboni.

Hatua ya 3: Hesabu ampea ikiwa mbioni. Kwenye mzigo kamili, ampea 20 zikipita kwenye omu 0.5 zinakula volti 10. Zilizobaki, 210, ndizo volti pinzani, kwa mizunguko 1500. Kwa hiyo kila mizunguko 100 inatoa volti 14.

Sasa ondoa mzigo, kisu kisiguse chuma. Tuseme amecha inavuta ampea 2 tu. Volti pinzani zinapanda hadi 219, na mwendo hadi kama mizunguko 1564. Tazama tofauti: kisu kikiuma chuma, mota inapoteza mizunguko 64 tu, sikio halitambui, lakini ampea zimeruka kutoka 2 hadi 20. Mota inajipimia yenyewe chakula chake. Ikilemewa inapunguza mwendo kidogo, volti pinzani zinashuka, umeme unaingia zaidi. Kinachoilinda ni kule kuzunguka. Ukinzani wa waya zake ni mdogo mno kufanya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Chagua kikinza. Mwanzoni nakubali ampea 40, mara mbili ya kibao. 220 ukigawanya kwa 40 ni omu 5.5. Amecha ina 0.5 yake, basi kikinza kiwe omu 5.

Mota ikichanganya mwendo, ampea zinashuka. Zikifika 20, volti pinzani ni 110, karibu mizunguko 786. Ukiiacha hapo italegea, kwa hiyo punguza ukinzani hadi ampea zirudi 40: volti 110 zilizobaki ukigawanya kwa 40 ni omu 2.75 kwa jumla. Ukirudia hesabu hiyo hiyo, jumla zinazofuata ni 1.375, kisha 0.6875. Zamu inayofuata ingetaka omu 0.34, ambazo ni chini ya amecha yenyewe. Basi kikinza kinatoka chote, na ampea zinaruka hadi 27.5 tu, halafu zinatulia. Vipande vya kikinza, kwa mpangilio wa kutoka, ni omu 2.75, 1.375, 0.6875 na 0.1875.

Hatua ya 5: Unga. Kikinza kiingie kwenye njia ya amecha peke yake. Koili za sumaku zipate volti 220 kamili tangu mwanzo. Ukizipitisha nyuma ya kikinza, sumaku inakuwa dhaifu, mota inakosa nguvu ya kuanza na volti pinzani zinachelewa kupanda.

Maswali ya wanachama

*Wa Gikomba:* Fundi, koili za jiko la umeme haziwezi kufanya kazi hiyo?

Zinaweza, ukizijua. Koili ya wati 1000 kwa volti 240 ina karibu omu 58. Moja tu haitaisogeza mota yako. Kumi na mbili sambamba zinatoa karibu omu 4.8, na kila moja inabeba ampea 3.3, chini ya uwezo wake. Lakini angalia joto: ampea 40 kwenye omu 5 ni wati 8000. Hilo ni jambo la sekunde chache. Usiziweke juu ya mbao.

*Mwanafunzi, Buruburu:* Mwalimu, nimefuata hesabu yako lakini ampea hazishuki chini ya 20 kwenye kituo cha kwanza. Nimekosea wapi?

Hujakosea hesabu, ndugu yangu. Umeanza na mzigo. Ampea hushuka hadi pale mzigo unapotaka, hazivuki hapo. Kama mzigo unataka 20, mota itaning'inia karibu na mizunguko 786 huku kikinza kikiiva. Legeza mkanda kwanza, au hamisha mkono ampea zikiwa 25.

*Wa Dandora:* Na stima ikipotea halafu irudi mkono ukiwa mwisho?

Unarudi kwenye zile ampea 440. Ndiyo maana kisanduku kina springi ya kurudisha mkono na koili ndogo ya kuushika. Koili hiyo imeungwa mfululizo na zile za sumaku, hivyo hata waya wa sumaku ukikatika mkono unaachia kabla mota haijakimbia ovyo. Ijaribu hivi: mota ikizunguka bila mzigo, zima swichi kuu. Mkono hautaanguka hapo hapo, kwa sababu volti pinzani za amecha inayoserereka bado zinalisha ile koili. Subiri mwendo upungue, usikie "ta!" Mota ikisimama kabisa na hujasikia, angalia springi, au mtu aliyeufunga mkono kwa waya.