SOMO: Umeandikiwa kuwa una mirathi nje ya nchi? Kagua hivi kabla hujajibu

Swali hili linarudi kila mara humu, kutoka Masasi, Newala, Nachingwea na hapa mjini. Naliandika mara moja. Anayeuliza tena mwelekezeni hapa.

1. Bahati nasibu: kama hukununua tiketi, hukushinda. Futa.

2. Mirathi: usijibu, usifungue kiambatisho.

3. Tazama jibu lako lingekwenda wapi. Kwenye Gmail ya simu, gusa kishale kidogo chini ya jina la mtumaji. Mfano (anwani nimezibadilisha):

```
From: "Idara ya Malipo, Benki" <info@example.org>
Reply-To: <wakili.malipo@example.com>
```

Jina lililo ndani ya alama za nukuu mtu hujiandikia apendavyo. Jibu linakwenda kwenye `Reply-To`, na hapo tayari ni anwani nyingine kabisa. Sababu ni kwamba anwani inayomwaga maelfu ya barua hufungiwa mapema, kwa hiyo tapeli huweka pembeni sanduku la kupokelea majibu ili libaki hai.

4. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, tena wale wanaojua kompyuta. Ukifungua `Show original` kwenye Gmail ya kompyuta unaona SPF, DKIM na DMARC, yaani vipimo vya kukagua barua imetoka wapi, na mbele yake PASS. Mtu anasema, "Google wenyewe wamethibitisha." Hapana. PASS inathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye huduma iliyoandikwa baada ya @. Ikiwa ni gmail.com, umethibitishiwa kuwa imetoka Gmail, basi. Anayejiita wakili hajathibitishwa na yeyote. Hata barua iliyotumwa kutoka sanduku la kampuni halisi lililodukuliwa hupata PASS. FAIL ikupe shaka, lakini PASS isikupe imani.

5. Fuata mwendo wa fedha. Barua inasema marehemu mwenye jina la ukoo kama lako ameacha dola 8,400,000, na wewe utapata asilimia 40. Ufanye siri, na uwahi kabla serikali haijazichukua. Ukikubali, inakuja ada ya wakili, dola 150. Ukilipa, "benki" inadai cheti cha kuonyesha fedha si haramu, dola 480. Halafu ushuru, dola 1,200. Kila ada inaitwa ya mwisho, na kila moja ni ndogo ukiilinganisha na ulichoahidiwa, lakini kubwa kuliko iliyotangulia, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipa huogopa kupoteza alichotoa. Ada haikatwi kwenye urithi kwa kuwa urithi haupo. Hiyo ndiyo alama isiyofichika, hata barua ikiandikwa kwa Kiswahili safi.

MASWALI

Kilwa_Masoko: Mkuu, nimepata moja ya Uingereza, je ni ya kweli? Namba ya akaunti nimeshawapa.

Jibu: Soma hatua ya 5. Kuhusu akaunti, nenda tawini leo uwaeleze. PIN na namba za uthibitisho zinazoingia kwenye simu usimpe mtu.

Mzee wa Mtama: Unawatisha watu bure. Wengine tuna ndugu nje kweli.

Jibu: Sikusema hakuna mirathi ya nje, mzee wangu. Mirathi ya kweli ina jina la marehemu unaloweza kulithibitisha kwa ndugu, cheti cha kifo, na shauri lenye namba kwenye mahakama unayoitafuta mwenyewe, si kwa simu iliyo kwenye barua. Kwetu, msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na ada ya mahakama hulipwa kwa kontrol namba, si kwa laini ya mtu.

Dada_Ligula: Kaka, mbona hadithi zao ni za ajabu na zina makosa mengi? Si wangeandika vizuri wanase wengi zaidi?

Jibu: Umeuliza jambo zuri, dada. Cormac Herley wa kitengo cha utafiti cha Microsoft alilichambua mwaka 2012. Kutuma barua hakuna gharama kubwa; kinachogharimu ni muda wa kuandikiana na kila aliyejibu. Wakijibu watu mia wenye shaka, tapeli anapoteza siku nyingi na wote wanakwepa ada. Hadithi isiyoaminika inawachuja mapema, wanabaki wepesi wa kuamini. Kwa hiyo usimcheke aliyenaswa. Barua ilitengenezwa imtafute yeye.

Mkulima_Tandahimba: Shemeji yangu alituma hela za korosho kwa simu jana. Sasa kapigiwa na "afisa" anayesema atazirudisha kwa ada ya elfu themanini.

Jibu: Asilipe. Huyo ni yuleyule au mwenzake. Aliyelipa mara moja huwindwa tena. Apige huduma kwa wateja 100 sasa hivi akiwa na namba ya muamala. Kama hela haijatolewa, huenda ikazuiwa. Namba ya tapeli aitume 15040, kisha apeleke ujumbe wote polisi bila kufuta hata mmoja.