Umeletewa fomu ya udhamini? Isome hivi kabla ya kusaini

Wiki iliyopita shemeji yangu kaletewa fomu ya kumdhamini mwenzake kazini, mkopo wa saccos yao, milioni 6 kwa miezi 24. Fomu kurasa nne na kilichomhusu yeye kiko kwenye mistari kama sita tu ya maandishi madogo. Tulikaa nayo jioni nzima, nikaona niandike tulivyoisoma.

Hatua ya 1. Angalia nafasi zilizo wazi. Kiasi, muda na riba viwe vimeshaandikwa, kwa tarakimu na kwa maneno. Ikiwa wazi rudisha, hakuna cha "wataijaza ofisini".

Hatua ya 2. Tafuta sentensi inayosema unadhamini nini hasa. Hapa ndo pa kukaa sana, maana mimi mwaka fulani palinigharimu.

Watu wengi wanajua tuko wadhamini watatu, kwa hiyo mimi ni theluthi, basi. Sio lazima iwe hivyo. Angalia kama fomu inasema "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maneno hayo maana yake saccos inaweza kudai deni lote kwa yeyote kati yenu, yule mwenye hela inayofikika, theluthi ni hesabu yenu nyie wenyewe kwa wenyewe.

Chukua kesi yangu, namba nimezirahisisha. Mkopaji kaacha kazi, deni lililobaki 3,900,000. Wakachukua kwanza akiba yake 1,200,000, ikabaki 2,700,000. Kwa watu watatu ni 900,000 kila mmoja, sawa. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa na akiba 300,000 tu, ile 600,000 iliyopungua ikagawanywa kwa sisi wawili tuliobaki, kwa hiyo nikakatwa 1,200,000 badala ya 900,000. Na hapo sijaweka adhabu za kuchelewesha, ambazo ziliendelea kuongezeka miezi yote tuliyokuwa tunabishana nani alipe, maana fomu ilisema "deni, riba, adhabu na gharama za ufuatiliaji".

Kingine, usijidanganye kwamba lazima wamfikishe kwanza mkopaji mahakamani. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, dhima ya mdhamini inalingana na ya mdaiwa, isipokuwa mkataba useme tofauti. Siku yeye akishindwa, wewe unadaiwa. Ndo maana "isipokuwa mkataba useme tofauti" ndiyo nafasi yako pekee ya kujikinga, na unaitumia kabla ya kusaini. Shemeji tulimwandikia kwa mkono pembeni: "Dhima yangu haitazidi Sh 2,000,000 ikijumuisha riba na gharama zote", akasaini hapo na afisa mikopo akasaini pia. Sahihi ya afisa ni muhimu, ukiandika peke yako watakwambia umechora tu. Afisa alinuna kwanza, akasema fomu haibadilishwi, baadaye akakubali. Wakikataa kabisa basi ujue unadhamini vyote, amua ukijua hivyo.

Hatua ya 3. Tafuta "mabadiliko yoyote". Kisheria wakibadilisha masharti ya mkopo bila ridhaa yako, miamala inayofuata baada ya hapo haikuhusu. Ila fomu nyingi zinakufanya ukubali mabadiliko mapema, ndo hapo jamaa anaongezewa mkopo juu ya mkopo na wewe bado upo ndani. Kata hayo maneno, au omba yaandikwe "kwa ridhaa ya maandishi ya mdhamini".

Hatua ya 4. Uliza akiba yako itashikiliwa kiasi gani na hadi lini. Ikishikiliwa huwezi kuitoa ukitaka kuhama saccos, na mkopo wako mwenyewe unaweza kukwama.

Hatua ya 5. Nakala. Piga picha kila ukurasa pale pale, usingoje waskani.

Ikishatokea mkopaji ameacha kulipa, usikae kimya. Omba taarifa ya deni kwa maandishi, angalia kama akiba yake imeshahesabiwa (siku nyingine huwa haijahesabiwa!), na ukilipa dai risiti yenye jina lako na namba ya mkopo wake. Hiyo risiti ndiyo itakayokuwezesha kumdai yeye kiasi chote ulicholipa, na kumdai mdhamini mwenzako aliyelipa pungufu ya fungu lake. Mimi nilimdai yule wa 300,000 ile 300,000 yangu ya ziada, akalipa kwa mafungu manne. Na kama mkopaji aliweka kadi ya pikipiki au hati, ukimaliza deni lote haki ya mkopeshaji juu ya dhamana hiyo inahamia kwako, kwa hiyo ulizeni iko wapi kabla hajarudishiwa mwenyewe kimya kimya.